Mauzo ya Droo Si Mshahara Wako

Swali: Nimeombwa kuzungumza na vijana wajasiriamali kuhusu kutenganisha fedha za biashara na za binafsi. Nianzie wapi ili wanielewe?

Jibu: Anza na hesabu ya muuza chipsi. Tuseme kwa siku anauza 120,000. Viazi, mayai, mafuta na mkaa vimekula 85,000, msaidizi 10,000, pango 5,000. Faida ni 20,000. Lakini jioni droo imejaa noti, mtoto anadaiwa ada, naye anachukua 30,000. Ile 10,000 ya ziada ni viazi vya kesho. Akifanya hivyo siku sita, mtaji umepungua 60,000 bila mwizi kuingia.

Waambie dalili yake: aliyekuwa akinunua gunia zima sasa ananunua ndoo ndoo, kwa bei ya juu, na mafuta anakopa. Hapo wengi hulaumu wateja. Inauma, kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa nzima.

Dawa ni kujilipa. Ajipangie 12,000 kwa siku, aitume kwenye laini yake binafsi. Malipo ya wateja yaingie kwenye lipa namba ya biashara tu. Ile 8,000 inayobaki ndiyo ya kubadilisha kikaango na kuvuka siku za mvua. Hata sahani anayokula mwenyewe aiandike. Msiba ukitokea, achukue kama mkopo, aandike kwenye daftari tarehe ya kurudisha, na asijiongezee posho kabla hajaumaliza.