Alizaliwa lini? Kuandika wasifu wa mtu aliye hai bila tarehe ya kuzaliwa

Wengi wetu katika kitivo tunaandika maelezo mafupi ya wasifu: ya mwimbaji wa Kihavu tunayenukuu nyimbo zake, ya mchungaji aliyetafsiri Maandiko, ya chifu anayetueleza historia ya Idjwi. Mstari wa kwanza huwa na mabano, na ndani ya mabano tunataka siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Kwa mtu aliye hai ambaye tarehe yake haijachapishwa mahali pa kuaminika, mabano hayo hutusukuma kuandika tusichokijua. Katika makala haya nataka kuonyesha namna ya kuandika kile ushahidi unachobeba na kuishia hapo.

Mfano ulio wazi zaidi katika eneo letu ni wa Rais Yoweri Museveni wa Uganda. Mwenyewe ameeleza kwamba wazazi wake hawakujua kusoma, na siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa. Mwaka unaotajwa ni 1944. Hata hivyo, mahali pengi utakuta tarehe kamili, 15 Septemba 1944, imeandikwa kana kwamba imetoka katika cheti cha hospitali. Magazeti kumi yakiirudia, bado hatuna mashahidi kumi. Swali la kuuliza ni moja: nani aliiandika kwanza, na yeye aliijuaje? Ikiwa njia zote zinarudi kwenye makadirio yaleyale, tuna shahidi mmoja tu, na shahidi huyo anasema ni makadirio.

Kwa sisi wanaisimu, jina lake lenyewe linavutia. Amelieleza kuwa linatokana na Abaseveni, yaani Waganda waliotumikia kikosi cha saba cha jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Neno la Kiingereza la saba limeingia katika ngeli ya watu ya Kinyankole: omuseveni mmoja, abaseveni wengi. Jina la namna hii ni ushahidi wa majira. Linatuambia kwamba mtoto alipewa jina wakati askari hao walikuwa wakitajwa vijijini, na hilo linapatana na 1944. Lakini linapatana pia na mwaka mmoja kabla au mmoja baada. Isitoshe, maelezo ya jina yanatoka kwa mwenye jina, kwa hiyo hayawezi kuhesabiwa kama shahidi wa pili aliye mbali naye.

Je, kutojua siku kunadhuru? Inategemea swali tunaloulizwa. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 102(b), ilitaka mgombea urais asizidi miaka 75. Sharti hilo liliondolewa Desemba 2017, na uchaguzi uliofuata ulifanyika 14 Januari 2021. Chukua mwaka wa 1944 wote, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho: mtu aliyezaliwa ndani yake alikuwa na miaka 76 au 77 siku hiyo ya kura. Kwa vyovyote amevuka 75, na siku ya Septemba haiongezi chochote katika hoja. Lakini tukiruhusu makadirio yafike 1945, jibu linaanza kuyumba. Basi kabla ya kuhangaikia siku, tuangalie kama hoja yetu inaihitaji.

Turudi Idjwi. Huko, kama ilivyo vijijini kwingi katika Kivu ya Kusini, watu wazima wengi hueleza kuzaliwa kwao kwa matukio. Mtu akisema alizaliwa mwaka wakimbizi wa Rwanda walipovuka ziwa, msikilizaji kijana ataandika 1994 mara moja. Lakini wakimbizi walivuka pia kuanzia 1959. Kinachoamua ni mambo mengine ya maisha yake: kama alikuwa tayari anafundisha mwaka 2005, hawezi kuwa mtoto wa 1994. Tukio moja lisilopimwa kwa tukio la pili halitoshi.

Njia ya pili ni umri uliotajwa hadharani. Tuchukue mfano wa kubuni: mwimbaji wa Idjwi alihojiwa redioni tarehe 10 Juni 2019 akasema ana miaka 46. Wengi hutoa 46 katika 2019 na kuandika 1973. Hiyo ni nusu tu ya jibu. Ikiwa alitimiza 46 siku ileile ya mahojiano, alizaliwa 10 Juni 1973. Ikiwa alikuwa anakaribia kutimiza 47 kesho yake, alizaliwa 11 Juni 1972. Kwa hiyo tunaandika 1972 au 1973. Tukipata mahojiano mengine ya Februari 2015 anayosema ana miaka 42, dirisha la pili linaanzia Februari 1972 na kuishia Februari 1973. Yanapopishana madirisha mawili ndipo jibu lilipo: kati ya Juni 1972 na Februari 1973. Yasipopishana kabisa, mojawapo ya umri huo si sahihi, na hapo tunaacha mwaka na kutaja muongo.

Wanaoandaa kanzidata ya matini kwa mfumo wa TEI wasijaze 1 Januari ili tu nafasi isibaki tupu. Tarehe hiyo hutumiwa sana katika faili za wakimbizi na za ofisi pale siku isipojulikana, na msomaji wa baadaye hawezi kutofautisha ya kweli na ya kujazia. Mfumo unaruhusu mipaka:

```
<birth notBefore="1972-06-11" notAfter="1973-06-10"/>
```

Katika sentensi ya kawaida tuwe waangalifu na neno *mnamo*. Kwa baadhi ya wasomaji lina maana ya karibu na, na kwa wengine, hasa katika habari za leo, lina maana ya katika. Ukiandika alizaliwa mnamo 1944, nusu ya wasomaji wataona makadirio na nusu wataona uhakika. Ni heri kuandika yapata 1944, au kati ya 1972 na 1973, na kutaja chanzo ndani ya sentensi: kwa maelezo yake mwenyewe redioni.

Linabaki suala la mtu kuwa hai. Tarehe kamili ya kuzaliwa si pambo la wasifu peke yake. Pamoja na jina, ni ufunguo wa benki, wa laini ya simu na wa faili za serikali. Kwetu kadi ya mpiga kura hutumika pia kama kitambulisho, na tarehe imo ndani yake. Mwanafunzi akiiona kadi hiyo mezani, au akiona pongezi za marafiki mtandaoni, amepata habari ambayo mwenyewe hakuitangaza. Kwa maoni yangu tusiichapishe. Hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa nayo ni hati ya mhusika. Tena mara nyingi tarehe yake hutegemea maneno ya mashahidi miaka mingi baadaye.

Njia iliyo ya heshima ni kumuuliza mwenyewe: Mzee, tuandike nini kuhusu kuzaliwa kwako? Akitoa tarehe kwa ajili ya kuchapishwa, tunaiandika kama kauli yake. Akitoa mwaka tu, tunaandika mwaka. Asipotaka, tunaanza na kazi zake: mwaka wa wimbo wake wa kwanza au wa kutawazwa kwake. Msomaji atajua azame wapi katika historia, na mabano hayatakuwapo.