Ufahamu: Kusoma Maana Fiche katika Ujumbe wa Jirani

Katika ufahamu, maswali ya aina ya "mwandishi anataka nini?" au "eleza dhamira ya ujumbe huu" huweza kuwapotezea watahiniwa alama. Ugumu huwa mkubwa zaidi pale ujumbe unapoandikwa kwa adabu. Anayeomba waziwazi huonekana waziwazi, lakini jirani mstaarabu hulificha ombi lake ndani ya salamu na pole. Katika somo hili utajifunza kulitoa ombi hilo mahali lilipofichwa, kwa kutumia sarufi uliyokwisha kuisoma: kauli za vitenzi, hali ya masharti na viambishi vya nafsi.

Soma jumbe tatu zifuatazo. Zimetungwa kwa ajili ya zoezi hili. Mama mmoja wa Dar es Salaam anamwandikia kwa simu jirani yake, Baba Neema, ambaye anajenga ukuta. Kati ya viwanja vyao unapita mtaro wa maji ya mvua.

Ujumbe wa kwanza, tarehe 8 Machi:
"Habari za asubuhi, Baba Neema. Poleni na mvua ya jana. Sisi huku tumeamka tunafagia maji uani. Naona mtaro wetu umezibika pale kwenye kona ya ukuta wako. Nawatakia siku njema."

Ujumbe wa pili, tarehe 15 Machi:
"Habari za leo, jirani. Samahani kwa usumbufu. Mtaro bado umezibwa na jana maji yamefika barazani. Ingekuwa vyema kama kile kifusi kingeondolewa kabla masika hayajakolea. Vijana wangu wapo Jumamosi, wanaweza kusaidia."

Ujumbe wa tatu, tarehe 27 Machi:
"Baba Neema, habari. Usiku maji yameingia sebuleni. Nimeona nikwambie wewe kwanza kabla sijamsumbua mjumbe, maana sisi ni watu wa kuzikana. Jumamosi nitakuwepo nyumbani siku nzima."

Hatua ya kwanza: Mtafute mtenda

Anza na kitenzi. Linganisha sentensi hizi tatu:

(a) Umeziba mtaro.
(b) Mtaro umezibwa.
(c) Mtaro umezibika.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutenda. Mtenda yumo ndani ya kitenzi: kiambishi u- kinamaanisha wewe. Ni shutuma ya moja kwa moja. Sentensi (b) iko katika kauli ya kutendwa. Inakubali kwamba yupo aliyeziba, ila haimtaji. Sentensi (c) iko katika kauli ya kutendeka. Inaeleza hali tu, kana kwamba mtaro umejifikisha hapo wenyewe.

Sasa rudi kwenye jumbe. Tarehe 8 mama huyu aliandika "umezibika". Tarehe 15 aliandika "umezibwa". Herufi chache zimebadilika, lakini msimamo wake umesogea: wiki ya kwanza alizungumzia hali, wiki ya pili anazungumzia tendo la mtu. Mtu huyo ni nani? Hakumtaja, lakini alikwisha kutaja mahali: "kwenye kona ya ukuta wako". Wiki ya pili akaongeza "kile kifusi". Anayejenga ukuta ni Baba Neema, hivyo kifusi ni chake.

Zingatia pia maneno mawili yaliyo katika sentensi moja: "mtaro wetu" na "ukuta wako". Mtaro ni wa wote wawili, kwa hiyo kila mmoja ana haki ya kuusemea. Ukuta ni wa mmoja, na kilichoziba kimetoka kwa huyo mmoja. Vivumishi vya kumiliki vimefanya kazi ambayo kitenzi kilikataa kuifanya.

Hatua ya pili: Ligeuze tamko kuwa ombi

Ujumbe wa kwanza hauna ombi hata moja. Kuna salamu, pole, taarifa na kwaheri. Hata hivyo jiulize: kwa nini taarifa hii apewe Baba Neema na si mtu mwingine? Mtu humpa taarifa ya tatizo yule anayeweza kuliondoa. Kwa hiyo tamko "naona mtaro wetu umezibika" linabeba ombi "zibua mtaro".

Katika ujumbe wa pili ombi limejitokeza, lakini limevikwa nguo mbili. Ya kwanza ni hali ya masharti, -nge-: "ingekuwa vyema kama kingeondolewa". Kiambishi -nge- hulifanya jambo lionekane kama wazo tu, na humwachia msikilizaji nafasi ya kukubali bila kuamriwa. Ya pili ni kauli ya kutendwa, "kingeondolewa", ambayo tena haimtaji mwondoaji. Vua nguo zote mbili, na sentensi inayobaki ni hii: "Ondoa kifusi chako kabla ya mvua kubwa."

Msaada wa vijana nao una kazi mbili. Ni ukarimu wa kweli, na papo hapo ni tarehe. Kusema "Jumamosi" ni kuweka siku ya kazi bila kutamka neno "mwisho".

Hatua ya tatu: Fuata kinachobadilika

Unapopewa jumbe zaidi ya moja, usizisome kila moja peke yake. Tazama ni nini kimeongezeka na ni nini kimepungua.

Kilichoongezeka ni maji. Yalikuwa uani, yakafika barazani, kisha yakaingia sebuleni. Kilichopungua ni adabu ya ziada. Ujumbe wa kwanza una salamu kamili, pole na kwaheri. Wa pili una "samahani" lakini hauna kwaheri. Wa tatu una neno moja la salamu, "habari", na baada yake hauna pole, samahani wala kwaheri. Upungufu huo ni ushahidi, na unaruhusiwa kuutaja katika jibu lako.

Katika ujumbe wa tatu, sentensi nzito ni "nikwambie wewe kwanza kabla sijamsumbua mjumbe". Ili uielewe lazima ujue mazingira yake. Katika mitaa mingi ya Tanzania, ugomvi wa majirani huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha huenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukihusu ardhi unaweza kufika kwenye Baraza la Kata ili usuluhishwe. Kumtaja mjumbe, basi, ni kutaja hatua inayofuata. Neno "kwanza" linaonyesha kwamba ipo ya pili.

Lakini hakuishia hapo. Amesema "sisi ni watu wa kuzikana", yaani majirani ambao siku ya msiba ndio watakaobebana. Kauli hii ya kutendana inamrudisha Baba Neema kwenye ujirani. Kwa pamoja, sentensi hiyo ni onyo na ni mkono ulionyooshwa. Jibu linalotaja onyo peke yake limesoma nusu tu ya ujumbe.

Mipaka ya kufasiri

Watahiniwa hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Tuseme swali ni: "Mwandishi wa jumbe hizi anataka nini?"

Jibu la kwanza: "Anaeleza kuwa mtaro umezibika na maji yameingia ndani." Hili linanakili maneno ya juu tu. Halijataja ombi.

Jibu la pili: "Ana chuki na Baba Neema na anataka kumshtaki." Hili limevuka mpaka. Hakuna neno linaloonyesha chuki. Aliyetoa vijana wake wasaidie na akakumbusha ujirani hatafuti kesi.

Jibu linalofaa: "Anamtaka Baba Neema aondoe kifusi cha ujenzi kilichoziba mtaro wao, na angependa kazi hiyo ifanyike Jumamosi. Asipofanya hivyo, atalifikisha suala hilo kwa mjumbe, ingawa angependelea walimalize wenyewe kama majirani."

Kumbuka pia kwamba kauli ya kutendeka peke yake haithibitishi shutuma. Mtaro huweza kuzibika kwa mchanga ulioletwa na mvua, na mtu akasema hivyo bila kumlenga yeyote. Kama ujumbe wa kwanza ungetumwa kwa wakazi wote wa mtaa, bila maneno "ukuta wako", usingekuwa na haki ya kuandika kwamba Baba Neema analaumiwa. Kila unapotaja maana fiche, weka kidole kwenye neno lililokupa maana hiyo. Usipolipata, iache.

Zoezi

Soma ujumbe huu kisha ujibu maswali.

"Salaam jirani. Hongera kwa uzio mpya, umependeza kweli. Ila nimeshangaa kidogo kuona lile jiwe la mpaka siku hizi liko ndani kwako. Pengine mafundi hawakuambiwa. Nikirudi safari mwisho wa mwezi tutaliangalia pamoja."

1. Mwandishi analalamikia nini?
2. Kwa nini ametaja mafundi?
3. Neno "tutaliangalia" linabeba ujumbe gani?
4. Andika jibu fupi ambalo mpokeaji anaweza kumtumia jirani yake.

Majibu

1. Analalamika kwamba uzio umevuka mpaka na kuingia katika eneo lake. Ushahidi ni kwamba jiwe la mpaka, ambalo lilipaswa kuwa kwenye mstari wa viwanja viwili, sasa liko "ndani kwako". Maneno "siku hizi" yanaonyesha kwamba zamani halikuwa hivyo.

2. Anampa jirani njia ya kurekebisha kosa bila kuaibika, kwa kuliweka juu ya mafundi. Lakini "hawakuambiwa" ni kauli ya kutendwa, na aliyepaswa kuwaambia ni mwenye uzio. Kwa hiyo lawama inarudi kwake kwa upole.

3. Kiambishi tu- kinaonyesha kwamba anataka walitatue wawili, bila kumwita mtu wa tatu. Pia, kwa kuwa ameweka muda, "mwisho wa mwezi", anampa jirani nafasi ya kuusogeza uzio kabla hajarudi.

4. Jibu lolote linalogusa jiwe la mpaka na muda litakubalika. Mfano: "Asante jirani, safari njema. Kweli jiwe limebaki upande wangu. Nimemwita fundi Jumatano ausogeze uzio hadi kwenye mstari, nawe ukirudi tutahakiki." Jibu linaloshukuru kwa hongera pekee halitoshi, kwa sababu hongera haikuwa lengo la ujumbe.