Vidonge vya Nguvu za Kiume kwa Mwenye Dawa za Shinikizo la Damu

Wapo wanaume wengi wanaoamini kwamba mwenye shinikizo la juu la damu hapaswi kabisa kutumia vidonge vya nguvu za kiume. Wapo pia wanaoamini kwamba vidonge hivyo havina mgongano na dawa yoyote. Imani zote mbili si sahihi, na ya pili ndiyo inayoweza kuua.

Sildenafili na tadalafili hufanya kazi kwa kulegeza kuta za mishipa ya damu. Athari hiyo haiishii kwenye uume. Mishipa ya mwili mzima hulegea kidogo na shinikizo hushuka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, nina dawa nyingine inayolegeza mishipa hiyo hiyo, na kwa nguvu kiasi gani?

Tuchukue mfano wa mkazi wa Ipogolo, Manispaa ya Iringa, mwenye umri wa miaka 62. Kila asubuhi humeza amlodipini miligramu 10 kwa ajili ya shinikizo. Usiku, baada ya chakula, humeza tamsulosini miligramu 0.4 kwa sababu tezi dume imekua na mkojo hutoka kwa shida. Sasa anataka sildenafili.

Amlodipini haimzuii. Vikitumiwa pamoja, shinikizo hushuka zaidi kwa wastani wa milimita 8 hivi za zebaki kwa kipimo cha juu, kiasi ambacho mwenye 140 hawezi hata kukihisi. Lakini apime kwanza: mwenye 90 kwa 50 au chini yake asimeze.

Tamsulosini inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ni kizuia alfa, sawa na doksazosini na prazosini. Dawa hizi huzuia mishipa kujikaza mtu anaposimama. Zikikutana na sildenafili, mtu anaweza kuinuka kitandani, akaona giza na kuanguka. Ndiyo maana mzee wetu anatakiwa kwanza awe ameizoea tamsulosini, bila kizunguzungu cha kusimama. Kisha daktari humwanzishia sildenafili miligramu 25, si 50 wala 100, na tunashauri aitenganishe na tamsulosini kwa muda usiopungua saa 4. Asimeze zaidi ya mara moja kwa siku, asichanganye na pombe nyingi, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Akianguka alazwe chali na miguu iinuliwe. Asipopata nafuu mara moja, apelekwe hospitali.

Jambo la tatu halina kipimo cha kuanzia. Tuseme mzee huyu, anapopanda kwa miguu mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini, hubanwa kifua hadi asimame, na daktari amempa nitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi. Hiyo ni nitreti, kama ilivyo isosobaidi. Nitreti huuamrisha mshipa kulegea, na sildenafili huzuia amri hiyo kufutwa. Shinikizo huporomoka, na moyo ambao tayari una uhaba wa damu hunyimwa hata ile kidogo. Mwenye nitreti asitumie kabisa sildenafili wala tadalafili, hata nusu kidonge, hata kama nitreti yenyewe huitumia kwa nadra. Na mlima huo una la kusema hata kwa asiye na nitreti: anayebanwa kifua akipanda, aonane na daktari kuhusu moyo kabla ya kufikiria vidonge hivi.

Hatari kubwa huja pale kifua kinapoanza kubana usiku huo huo aliomeza kidonge. Aache tendo, akae, wala asiweke nitreti chini ya ulimi. Aende hospitali bila kusubiri kupambazuke, na amtajie mhudumu jina la kidonge na saa aliyokimeza. Baada ya sildenafili, nitreti haitolewi hadi saa 24 zipite. Baada ya tadalafili, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ni saa 48. Mhudumu asiyeambiwa atatoa nitreti kwa nia njema, kwa maana ndiyo tiba ya kawaida ya maumivu hayo. Tunafahamu kwamba kulitamka hilo mbele ya mke au mtoto ni aibu kwa wazee wengi. Basi aombe kusema na mhudumu faraghani, au ampe pakiti.

Pakiti hiyo isitupwe. Unga na kahawa za nguvu za kiume zinazouzwa vituo vya mabasi kama dawa za asili zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na sildenafili isiyoandikwa kwenye lebo. Mwenye nitreti asizitumie, na aliyekwisha kuzitumia ahesabiwe kuwa amemeza kidonge.