Somo: Duka letu ndani ya WhatsApp, kutoka katalogi mpaka mufuko kumufikia mununuzi



Kooperative mingi za Kabare, Walungu na Idjwi ziko na wanunuzi Bukavu ambao hawana nafasi ya kwenda soko kila siku. Wengi wanaishi Nyalukemba, pande za Muhumba na Nguba, na kila mumoja iko na WhatsApp katika telefone yake. Njo maana somo la leo ni ju ya duka ambalo munaweza kufungua ndani ya WhatsApp Business. Tutaona namna ya kuandika bidhaa, namna ya kuhesabu gharama na namna ya kupokea komande.

Jambo moja mulishike tangu mwanzo. Hapa kwetu, duka hilo linaonyesha bidhaa na kupokea komande tu. Kulipa ndani ya WhatsApp kuko katika inchi chache, kama India na Brazili. Kwetu makuta yanapita M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na mufuko unapita kwa motari. Kati ya komande na makuta kuko nafasi, na katika nafasi ile njo bunga ya wanamemba inaweza kupotea.

Tutachukua kooperative ya mufano: inatoa bunga ya mihogo Kabare, inanunua sambaza za kukausha kwa wavuvi wa ziwa Kivu, na iko na depo ndogo Nyalukemba.

1. Namba na aplikasyo

WhatsApp Business ni ya bure, na hakuna asilimia inayokatwa ju ya mauzo yanayotoka katika katalogi. Lakini namba moja haiwezi kufanya kazi kwa wakati moja katika WhatsApp ya kawaida na katika WhatsApp Business. Kwa hiyo kooperative inunue kadi yake, iandikishwe kwa mutu ambaye mukutano umemuchagua, na iandikwe katika prose-verbal. Kama namba ni ya sekretere mwenyewe, siku anatoka anaondoka na wanunuzi wote.

Siku ile ile, muweke kode ya siri ya aplikasyo (kwa Kifaransa inaitwa `Vérification en deux étapes`). Na kama mutu anaandika "nimekutumia kode ya namba 6 kwa kosa, unirudishie", musimupe. Kode ile njo ufunguo wa duka lenu. Anaitafuta ili achukue namba, kisha awaombe wanunuzi wenu makuta kwa jina lenu.

2. Kuandika bidhaa

Katika aplikasyo muingie fasi ya `Catalogue` na muongeze bidhaa moja moja. Kila bidhaa inapokea picha mpaka 10, jina, bei, maelezo na kode. Picha 2 ao 3 zinatosha: mufuko wenyewe katika mwanga wa muchana, mufuko ju ya mizani, na bunga ndani ya sahani. Musichukue picha ya mufuko wa kiwanda kingine. Mununuzi atalinganisha picha na kile motari analeta.

Jina liwe lile mununuzi anatumia, na uzito uonekane palepale. Kwa kooperative yetu ya mufano:

```
Bunga ya mihogo / Farine de manioc, kilo 10
Bei: 16 500 FC
Kode: BM10
Maelezo: Imesagwa wiki hii Kabare. Mufuko mupya.
Kupelekwa: siku ya pili na siku ya tano.
Usafiri haumo katika bei hii.
```

Muangalie sarafu ambayo aplikasyo inaweka pembeni ya bei. Ikiwa ni faranga, na munaandika 7 mukifikiri dola, mununuzi ataona faranga 7 na kuanza kucheka. Muchague sarafu moja na muandike bei zote namna moja.

Bidhaa inapita kwanza katika ukaguzi wa WhatsApp mbele ya kuonekana. Hapa kooperative zetu zinajikwaa mara mingi, maana masharti yao yanakataza kuuza nyama hai na pombe. Kuku hai, mbuzi, sungura na dende zitakataliwa, hata kama kwetu ni mali ya kawaida ya shamba. Kasiksi pia. Mukirudisha bidhaa iliyokataliwa mara na mara, namba nzima inaweza kufungwa, pamoja na bunga na sambaza. Wanyama muendelee kuuza sokoni.

3. Gharama ambazo hazionekani

Kwa sababu aplikasyo ni ya bure, wengi wanaandika bei ya soko la kijijini wakiongeza kidogo tu. Tuhesabu mufuko moja wa kilo 10. Namba hizi ni za mufano. Ninyi muweke zenu.

Bunga kwa memba ni faranga 12 000. Usafiri Kabare mpaka depo ni 1 500. Mufuko na karatasi ya jina ni 500. Mega na kuchajisha telefone, tukigawanya ju ya mifuko ya mwezi, ni 300. Gharama ya kutoa makuta kwa ajenti ni 400. Mifuko inayopasuka ao kurudishwa, tukigawanya vilevile, ni 300. Jumla ni 15 000. Kama mumeandika 14 000 mukifikiri munapata 2 000 ju ya bei ya memba, kwa kweli munapoteza 1 000 kwa kila mufuko, na mukiuza mingi munapoteza mingi. Bei ya 16 500 inaacha 1 500 katika kese ya kooperative.

Sasa kuna motari. Tuseme safari moja kutoka depo mpaka Muhumba ni 3 000. Mukiahidi "tunaleta bure" kwa mufuko moja, ile 1 500 imekwisha na mumeongeza 1 500 ingine kutoka mufukoni mwenu. Njia nzuri ni kupeleka siku mbili tu kwa wiki. Komande za siku ya pili zinafungwa siku ya kwanza saa kumi na mbili za mangaribi. Motari anapeleka komande 5 za pande moja kwa 5 000, na kila mununuzi analipa 1 000. Hiyo 1 000 iandikwe wazi, isifichwe katika bei ya bunga.

Ju ya gharama ya kutoa makuta: muulize ajenti karatasi ya bei, muone bei inabadilika kwa kiasi gani. Mara mingi kutoa kiasi kikubwa mara moja kunagharimu kidogo kuliko kutoa vidogo vidogo kila siku. Na mununuzi akiuliza "niongeze ya kutoa?", jibu liwe moja kwa wote: bei imeisha kuiweka ndani.

4. Komande inaingia

Mununuzi anachagua bidhaa katika katalogi, anaziweka katika kapu, na kapu linafika kwenu kama mesaje yenye vitu na jumla. Kapu hilo ni ombi. Haijakuwa mauzo. Na katalogi haihesabu stoki yenu: mukiwa na mifuko 8 na watu wawili wanaomba 6 kila mumoja usiku ule ule, aplikasyo itapokea yote 12 bila kusema kitu. Mutu wa telefone njo anapaswa kujua hesabu ya depo.

Tuchukue komande moja. Mama mumoja wa Muhumba anatuma kapu: mifuko 2 ya bunga (33 000) na kilo moja ya sambaza (18 000). Kapu linaonyesha 51 000, maana kapu halijui usafiri. Mutu wa telefone anaangalia stoki kwanza, kisha anajibu:

```
Jambo mama. Komande K-014.
Bunga kilo 10 x 2 = 33 000
Sambaza kilo 1 = 18 000
Usafiri Muhumba = 1 000
Jumla = 52 000 FC
Tunakuwekea mpaka leo saa 12 ya mangaribi.
Ukilipa, andika K-014. Tunaleta kesho muchana.
```

Saa ya mwisho iko na maana kubwa. Kama makuta hayajafika saa ile, mifuko inarudi kwa mununuzi mwingine, na mama anaambiwa kwa upole. Bila saa ile, depo inajaa mifuko "ya watu" ambayo hakuna mutu amelipa.

5. Makuta yameingia kweli?

Mununuzi akituma picha ya mesaje ya malipo, musitoe mufuko ju ya picha. Picha inaweza kutengenezwa, na hata SMS inaweza kutumwa na namba ya mutu wa kawaida ikiigiza maneno ya kampuni. Muangalie vitu viwili katika telefone ya kooperative: SMS imetoka kwa kampuni yenyewe, na salio limepanda kwa kiasi kile. Salio njo shahidi wa mwisho. Kama mutu anapiga akisema ametuma mingi kwa kosa na anataka mumurudishie haraka, muangalie salio mbele ya kumujibu, kisha mumuelekeze kwa kampuni yake.

Kazi hii ifanywe na watu wawili. Mumoja anashika telefone na kupokea komande. Mwingine anajua kode ya siri ya makuta, anaangalia salio, na anasaini kaye mbele mufuko utoke. Kaye iwe na mistari ya: namba ya komande, tarehe, vitu, jumla, imelipwa saa ngapi, nani ametoa, motari gani, mununuzi amepokea. Katika aplikasyo pia kuna alama za rangi za kuweka ju ya kila mazungumzo: mpya, inangoja malipo, imelipwa, imekwisha. Zinasaidia macho. Lakini telefone ikianguka ziwani, kaye njo inabaki.

Mama akipokea, motari anapima mbele yake kama anaomba, na mama anaandika "K-014 nimepokea". Hapo tu njo komande imekwisha. Kama kitu kimeisha depo, muifiche bidhaa katika katalogi siku ileile. Musiifute, ili picha na maelezo yabaki kwa mavuno ingine.

Kazi ya mukutano ujao

Muchukue bidhaa moja tu ambayo munauza. Muandike ubaoni gharama zake zote kama tulivyofanya kwa bunga, mpaka ile ya kutoa makuta. Kila memba aseme gharama ambayo imesahauliwa. Kisha muchague mutu wa telefone na mutu wa kode, wasiwe wa nyumba moja. Mbele ya kuweka bidhaa ya pili katika katalogi, mupitishe komande 10 za bidhaa ile ya kwanza, na mulinganishe kaye na salio. Kama faranga hazilingani, mutafute sababu ingali ndogo.