Dondoo muhimu: Tovuti ya biashara imesimamishwa, mhudumu wa hosting kanyamaza

Mwandikie barua yenye hesabu ya hasara na ombi lenye saa ya mwisho.

Tuma kwa baruapepe isiyo ya tovuti hiyo, maana akaunti ikisimamishwa barua zake nazo hukwama mara nyingi. Huenda jibu lilikuja usilione. Endelea ndani ya tiketi ileile uliyofungua kwake mwanzo, usifungue mpya kila siku ukatawanya historia. Taja kikoa, namba ya tiketi, saa tovuti ilipozimwa na sababu uliyopewa, kwa kuwa deni ni kazi ya watu wa malipo na virusi ni kazi ya mafundi. Kisha piga hesabu: oda 10 kwa siku, wastani wa shilingi 40,000, siku 3, jumla shilingi 1,200,000. Usiandike “mamilioni”.

Utasema mikataba mingi haifidii mauzo yaliyopotea. Kweli, ila hesabu hii haidai fidia. Inampa msimamizi sababu ya kukutoa kwenye foleni. Kwa hiyo usianze na vitisho vya mahakama: barua huenda kwa wanasheria, duka likabaki limefungwa. Omba tovuti irudishwe kufikia kesho saa nne asubuhi, au upewe nakala ya mafaili na hifadhidata uhamie kwingine.