Kontrola ya Sola Inaonyesha Jua Kali, Lakini Betri Haichaji? Kagua Hivi Kabla Hujalipia Betri Mpya

Kuna simu moja ambayo mteja wa sola huipiga akiwa ameshachoka. Ni saa sita mchana, jua linawaka, na kwenye skrini ya kontrola alama ya paneli iko pale pale ikionyesha jua lipo. Lakini ikifika saa mbili usiku, taa zinazima, simu za wateja ziko asilimia ishirini, na duka linafungwa mapema. Fundi anakuja, anaangalia kidogo, kisha anasema: "Mama, hii betri imekufa. Tuma pesa nikuletee ingine."

Ngoja kwanza, usitume. Leo tunataka tukuonyeshe jinsi ya kujua kama kweli betri imekufa, au pesa yako inaenda kulipia kosa la fyuzi ya bei ya soda.

Alama ya jua inamaanisha nini hasa

Wewe unayetumia pesa kwa simu unajua hili tayari: mtu akikuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba ametuma pesa, hiyo si pesa. Unaangalia salio lako. Alama ya jua kwenye kontrola ni kama ile meseji. Inasema tu kwamba kuna volti zinafika kutoka kwenye paneli. Haisemi kwamba umeme umeingia kwenye betri.

Paneli ya volti 12 ikiwa juani bila kufanya kazi yoyote huonyesha kati ya volti 18 na 22. Inaweza kuonyesha hivyo hata kama hakuna umeme hata kidogo unaopita kwenda kwa betri. Ni kama bomba lililojaa maji huku mfereji umefungwa. Kwa hivyo swali letu si "jua lipo?" Swali ni "mfereji umefungwa wapi?"

Tuchukue mfano

Mama mmoja ana duka na anafanya uwakala. Ana paneli ya wati 100, betri ya asidi ya volti 12, na kontrola ya kawaida ya bei nafuu, ile yenye herufi PWM kwenye kibandiko. Kwenye waya wa chanya, kati ya kontrola na betri, kuna fyuzi ndani ya kikasha cha plastiki. Mchana kontrola inaandika volti 14.4 na alama ya jua iko. Usiku, akiwasha taa tatu na kuchaji simu, haipiti nusu saa kila kitu kinazima.

Kifaa tunachohitaji ni mita ya fundi, ile ndogo ya kupima volti. Kama huna, azima kwa fundi wa redio au wa boda jirani. Iweke kwenye volti za DC, upande wa 20 (kwa paneli tumia upande wa juu yake, kwa sababu paneli inaweza kupita 20). Usiiweke kamwe kwenye ampea kisha ukagusa nguzo za betri, maana utaichoma mita na unaweza kujichoma wewe. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuanza.

Pima mara mbili, mahali pawili

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Saa sita mchana, gusa skrubu za betri pale kwenye kontrola, uandike namba. Kisha nenda kwenye betri yenyewe, uguse nguzo zake, si vibanio vya waya bali risasi ya nguzo, uandike namba.

Kwa mama wetu, kwenye kontrola mita ilisema 14.4. Kwenye nguzo za betri ikasema 12.3.

Hizo namba mbili zinafaa kuwa karibu sawa. Tofauti ya volti 0.2 au 0.3 ni ya kawaida, kwa sababu waya hula kidogo. Lakini hapa volti 2.1 zimepotea njiani. Kontrola haijui hilo. Inaona 14.4 kwenye skrubu zake, inadhani betri inakaribia kujaa, basi inapunguza chaji. Betri nayo inabaki na njaa huku imezungukwa na chakula.

Hilo linaeleza na usiku pia. Taa zikiwaka, umeme unarudi kwa njia ile ile mbovu. Betri ina volti 12.2, lakini kontrola inaona 10.7 tu, na hapo ndipo kontrola nyingi za aina hii huzima taa ili kulinda betri. Betri bado ilikuwa na kitu. Njia ndiyo iliyokuwa mbaya.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Kama mita ingesema 14.4 kwenye kontrola na 14.3 kwenye nguzo, njia ni nzuri. Na kama betri inafika 14.4 ndani ya dakika chache tu asubuhi, halafu ukiwasha taa moja inaanguka chini ya 12 mara moja, hapo fundi ana haki. Betri hiyo imechoka kweli.

Tafuta mahali pabaya

Kabla hujagusa waya wowote, zima taa na vyombo vyote, toa waya za paneli kwenye kontrola kwanza, kisha za betri. Ukirudisha, fanya kinyume: betri kwanza, paneli baadaye. Kontrola inatumia betri kujua kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli inaweza kukosea, na nyingine huharibika.

Anza na chanya na hasi. Kama alama ya jua inaonekana, kwa kawaida paneli haijageuzwa. Lakini usiamini rangi ya waya, hasa kama viunganishi vya MC4 vilifungwa upya na mtu. Weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Kama mita inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba, waya zimegeuzwa. Fanya hivyo kwa paneli na kwa waya za betri kabla ya kuzirudisha. Betri ikigeuzwa hata sekunde moja, fyuzi hukatika, na kama hakuna fyuzi, kontrola ndiyo inayoungua.

Kisha fyuzi. Fyuzi iliyokatika kabisa ina dalili yake: kontrola nyingine huwaka mchana kwa nguvu ya paneli na kuandika volti za ajabu, juu chini juu chini, halafu jua likizama skrini inazima kabisa. Ukiona hivyo, ujue betri haijaunganika. Usiiangalie fyuzi kwa macho tu, kwa sababu uzi unaweza kuwa umekatika chini ya kofia ya chuma. Itoe, uipime kwa ule upande wa mita unaolia, ikinyamaza, imekufa. Weka mpya yenye ampea ile ile iliyoandikwa. Usifunge waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pake. Siku ambayo waya zitagusana, hicho ndicho kitakachowasha moto nyumbani.

Kwa mama wetu, fyuzi ililia vizuri. Ilikuwa nzima. Basi tukabaki na viunganishi.

Hapa kuna ujanja mmoja mzuri. Rudisha kila kitu, paneli iwe inafanya kazi, kisha uguse upande mmoja wa kikasha cha fyuzi kwa waya mwekundu wa mita na upande wa pili kwa mweusi. Mahali pazuri hutoa karibu sifuri. Hapa mita ilisema 1.9. Yaani volti karibu zote zilizopotea zilipotelea ndani ya kikasha kidogo cha plastiki. Ukikigusa kwa nje kilikuwa na joto, na plastiki ilianza kupinda. Ndani, vibati vinavyoshika fyuzi vilikuwa na kutu ya kijani, kwa sababu kikasha kilikuwa chini, karibu na ndoo ya maji.

Fanya kipimo hicho hicho kwa kila kiungo: kutoka nguzo ya betri hadi kibanio chake, na kutoka waya hadi skrubu ya kontrola. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo ya betri osha kwa maji ya moto na magadi ya kuokea, ukijikinga macho, kisha ukaushe na kukaza. Skrubu za kontrola nazo zivute waya kidogo. Mara nyingi skrubu imekaza plastiki ya waya badala ya shaba.

Malizia na mipangilio

Kama njia yote ni nzuri na bado chaji haipandi, angalia mipangilio. Mtoto akibonyeza bonyeza vile vitufe, namba hubadilika. Angalia aina ya betri iwe ile uliyonayo. Kontrola nyingi huandika b1, b2, b3, na maana yake iko kwenye kijitabu. Kisha angalia volti ya kutulia baada ya kujaa, ambayo kwa betri ya asidi mara nyingi ni 13.7 hivi. Kama mtu ameishusha hadi 12.8, kontrola itaacha kuchaji mapema kila siku na hakuna waya utakaotibu hilo.

Ilivyoisha

Mama alinunua kikasha kipya cha fyuzi chenye kifuniko cha mpira, akakifunga juu ukutani. Kontrola ikaandika 13.0, nguzo za betri 12.9, na skrubu za paneli zikashuka kutoka 18 hadi 13.4. Kushuka huko kusikutishe. Kwenye kontrola za PWM, paneli inayofanya kazi huvutwa chini hadi karibu na volti ya betri, mfereji umefunguka.

Jambo moja tu: usitarajie betri ijae jioni ile ile. Paneli ya wati 100 hutoa kama ampea 5 jua likiwa kali, kwa hivyo betri kubwa yenye njaa inataka siku mbili au tatu. Siku hizo, washa taa moja na uache TV.

Na kama sola yako ni ile ya kulipa pole pole kwa simu, usifungue boksi. Hakikisha kwanza malipo yamefika na namba ya kufungulia imeingia, kisha uwapigie waliokuuzia, kwa sababu ukivunja sili unaweza kupoteza warantii. Lakini kama mfumo ni wako, mwambie fundi akuonyeshe zile namba mbili, ya kwenye kontrola na ya kwenye nguzo, kabla hujaweka PIN yako.