Wanatazama Keki, Hawaagizi

Mshauri, naoka keki nyumbani kwangu Tabata. Picha zangu Instagram zinapendwa sana, lakini oda ni za majirani tu. Watu huuliza “Bei?” kisha wanapotea. Kwenye bayo nimeandika: “Mungu kwanza. Napenda kuoka. Utamu ni jadi yetu. Oda nicheki,” na namba yangu ya simu. Bei zangu si mbaya, keki ya kilo moja ni 45,000. Nakosea wapi?
Mwokaji, Tabata

Dada Mwokaji,

Pole kwa kuchoka. Bayo yako inakueleza wewe, lakini anayefungua ukurasa wako anatafuta keki ya Jumamosi. Anataka kujua unaoka keki za shughuli gani, bei inaanzia wapi, aagize siku ngapi kabla, na kama utamfikishia. Asipoyaona hayo ataandika “Bei?”. Ukichelewa kumjibu, atakuwa ameshahamia kwa mwokaji mwingine.

Anza na sehemu ya Name, ile inayosomeka kwa wino mzito juu ya bayo. Instagram huitumia mtu anapotafuta, kwa hiyo jina lako peke yake litakufaa kwa wanaokujua tayari. Andika “Keki za bethidei Tabata”, ili hata asiyekujua akufikie.

Bayo yenyewe haizidi alama 150, nafasi zikihesabiwa. Kwa maelezo yako, mimi ningeandika hivi:

Keki za bethidei na sendofu, kuanzia kilo 1
Bei inaanzia sh. 45,000
Agiza siku 3 kabla.
Naleta Tabata, Segerea, Buguruni
Gusa hapa chini uagize

Hizo ni alama 143. Badilisha siku na maeneo yalingane na uwezo wako halisi. Najua waokaji wengi huogopa kutaja bei wakidhani itafukuza watu. Itawaondoa wenye 20,000, ambao wangekuacha hata hivyo baada ya kukuchosha kwa maswali. Neno “inaanzia” linakuachia nafasi ya kupandisha bei kwa ladha na mapambo.

Sasa linki. Namba uliyoiandika ndani ya bayo inamlazimu mteja aikariri au ainakili pembeni, na wengi huishia hapo. Iondoe. Nenda Edit profile, kisha Links, uweke linki ya WhatsApp yenye ujumbe ulioandikwa tayari:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimetoka%20Instagram.%0ATarehe%3A%0AKilo%3A%0ALadha%3A%0AMahali%3A
```

Weka namba yako badala ya 2557XXXXXXXX. Ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07, linki haitakufikia. `%20` ni nafasi kati ya maneno, na `%0A` hushusha mstari. Mteja akigusa, WhatsApp inafunguka ikiwa na mistari ya Tarehe, Kilo, Ladha na Mahali. Anajaza na kutuma. Wewe unapata oda inayoweza kupigiwa hesabu papo hapo, na maneno “nimetoka Instagram” yanakuonyesha alikotokea.

Kwenye Title ya linki andika “Agiza keki WhatsApp”, mtu ajue anakopelekwa kabla hajagusa. Instagram inaruhusu linki hadi tano, lakini wewe weka hiyo moja. Ukiongeza TikTok na Facebook, unamwondoa mlangoni mtu aliyekwisha kuamua kununua. Ukimaliza, ijaribu linki kwa simu ya mtu mwingine.

Baada ya hapo acha kila kitu kama kilivyo kwa wiki mbili, kisha tazama takwimu za ukurasa. Akaunti ya biashara huonyesha waliotembelea wasifu na waliogusa linki. Wakitembelea wengi na kugusa wachache, bayo bado haijawajibu. Badilisha mstari mmoja tu, usubiri tena. Wakigusa wengi na ujumbe usifike, kagua namba ndani ya linki. Ujumbe ukifika mwingi lakini oda zikawa chache, hapo bayo imemaliza kazi yake. Angalia unachukua muda gani kujibu, na unamjibuje anayeuliza bei.

Kwa huyo wa mwisho, usitume tarakimu peke yake. Mwandikie: “Kilo 2 vanila ni sh. 85,000, pamoja na jina juu ya keki. Kuleta Segerea ni 5,000. Ukilipa nusu leo, Jumamosi saa nne asubuhi iko kwako.” Hapo anajua analipia nini, atapokea lini, na atoe kiasi gani sasa hivi ili tarehe yake isichukuliwe na mwingine.

Mshauri wako